Mia nne ya kweli na mia nne pungufu: urefu halisi wa kona ya hopa

Hotuba kwa mafundi wa bati na wanafunzi wa uchoraji, Gerezani, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliokuja na mbao zenu za kuchorea, habari za asubuhi.

Leo nina kitu kimoja tu cha kuzungumza, na mnakijua wote: hopa. Lile bakuli la bati la pembe nne linalokaa juu ya mashine ya kusaga. Mahindi yanamiminwa juu, yanatokea mdomoni chini. Hopa yangu ya leo ina uwazi wa juu wa mraba, milimita 600 kwa 600. Mdomo wa chini ni mraba wa 120 kwa 120. Kimo, yaani kutoka usawa wa mdomo hadi usawa wa uwazi wa juu, ni 320. Ingekuwa mdomo uko katikati, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini mashine hii inapokelea mahindi upande wa nyuma, kwa hiyo mdomo umesukumwa nyuma kabisa, ukingo wake ukalingana na ukingo wa nyuma wa uwazi wa juu. Kulia na kushoto bado uko katikati. Maana yake bati la nyuma linasimama wima, la mbele linalala sana, na mawili ya pembeni yanaingia ndani kwa kiasi.

Hopa ina mishono minne ya kona. Miwili iko nyuma, miwili iko mbele. Ya kulia na ya kushoto ni pacha, kwa hiyo tukipata urefu wa mshono mmoja wa nyuma na mmoja wa mbele tumemaliza. Swali ni hilo tu: kila mmoja ukatwe urefu gani?

Tazameni ubaoni. Nimechora mwonekano wa mbele juu, na plani chini yake. Kwenye mwonekano wa mbele naona umbo lililo pana juu na jembamba chini, lenye mistari miwili ya mteremko. Nachukua mstari wa kulia. Kwa upana unaingia ndani 240, kwa sababu nusu ya 600 ni 300 na nusu ya 120 ni 60. Kwa kimo unashuka 320. Nikiweka rula, au nikipiga hesabu, napata 400 kamili.

Sasa, huo mstari ni mshono upi? Wa nyuma au wa mbele? Ni yote miwili. Ukisimama mbele ya hopa, mshono wa mbele unaufunika ule wa nyuma, mstari juu ya mstari. Mchoro unaonyesha mteremko mmoja wenye urefu wa 400, na nyuma ya mstari huo kuna mishono miwili isiyolingana hata kidogo. Kwa mshono wa nyuma, 400 ni urefu halisi. Kwa mshono wa mbele, 400 ni kivuli tu, na kimepungua kwa milimita 225.

Hapo ndipo bati linapoharibika. Na ubaya wake ni kwamba haliharibiki kwa kelele. Chukua fundi aliyesoma 400 akakata mishono yote minne kwa urefu huo. Mabati yake manne yatakuwa sawasawa: juu 600, chini 120, pembeni 400 na 400. Atayasimamisha, na kona zitagusana vizuri kutoka juu hadi chini, bila upenyo. Atachomelea akiwa na amani. Akimaliza atakuta mdomo uko katikati badala ya nyuma, na kimo kimeshuka kutoka 320 hadi karibu 212. Hopa haifiki kwenye mashine na wala haielekei inapotakiwa. Bati halikumwonya mahali popote, kwa sababu urefu ule ni halali kabisa, ila ni wa hopa nyingine.

Tuelewane kwanza kwa nini mstari unapungua. Mwonekano wowote ni kama kuutazama mshono ukiwa mbali sana, macho yakienda moja kwa moja. Mshono ukiwa umelala sambamba na karatasi ya mwonekano huo, unauona wote. Ukielekea kwako au ukikukimbia, sehemu ya urefu wake inajificha kwenye kina. Mshono wa nyuma umelala ndani ya bati lililosimama wima, likitazamana na mtazamaji wa mbele. Hauna kina cha kujificha. Mshono wa mbele unaanzia kwenye ukingo wa mbele kabisa wa uwazi na kwenda kuishia kwenye mdomo ulioko nyuma. Unakimbia kwa 480, ambayo ni 600 ukitoa 120, na hiyo 480 mwonekano wa mbele hauioni kamwe.

Na hili huhitaji kukisia, plani inakwambia. Angalia mshono kwenye plani. Ukiwa sambamba na mstari wa XY, ule tunaouweka kati ya mionekano miwili, basi kwenye mwonekano wa mbele umeonekana kwa urefu halisi. Mshono wa nyuma kwenye plani unalala juu ya ukingo wa nyuma, sambamba na XY. Ule wa mbele umekaa mshazari. Kwa hiyo 400 ya kwanza pokea, 400 ya pili kataa. Mwonekano wa pembeni nao haukuokoi: unakupa 480 kwa 320, ambayo ni karibu 577, nayo ni pungufu. Plani yenyewe inakupa 240 kwa 480, karibu 537, pungufu pia. Mionekano mitatu, namba tatu, na hakuna hata moja ya kukatia mshono wa mbele.

Basi tutengeneze wa nne. Mwonekano wa ziada si uchawi. Ni kuhamisha mahali pa kusimama. Tunataka kusimama mahali ambapo mshono wa mbele umetulalia ubavu mzima. Mahali hapo plani inatuonyesha: ni kuutazama kwa pembe mraba na mstari wake wa kwenye plani.

Uite mwisho wa juu wa mshono A, na mwisho wa chini, pale mdomoni, B. Andika herufi hizo kwenye plani na kwenye mwonekano wa mbele pia, hata kama unaona ni kazi ya mtoto wa shule. Makosa mengi ninayoyajua ya kazi hii ni ya mtu aliyehamisha kimo cha A akakiweka kwenye mstari wa B.

Kwa kipimo cha 1:5 plani yetu ni mraba wa milimita 120, na kimo kwenye mwonekano wa mbele ni 64. Karatasi ya A3 inatosha bila kubanana. Mstari wa XY nauweka kwenye usawa wa mdomo, kwa makusudi, ili kimo cha B kiwe sifuri na nibaki na kimo kimoja tu cha kuhamisha.

Sasa, nje ya plani, mahali penye nafasi, chora mstari mpya ulio sambamba na AB ya plani. Seti skwea mbili zinatosha: moja inalala kwenye AB, ya pili inaizuia, halafu unateleza. Mstari huo mpya uite X1Y1. Umbali wake kutoka kwenye AB haubadilishi jibu. Milimita 40 au 70 ni sawa, muhimu ni usambamba. Kisha kutoka A na kutoka B vuta mistari myembamba inayokata X1Y1 kwa pembe mraba.

Nenda kwenye mwonekano wa mbele na bikari. Weka ncha moja kwenye XY na nyingine kwenye A, wima, siyo kwa kufuata mteremko. Unapata 64. Rudi kwenye mwonekano mpya, na kwenye mstari uliotoka A, pima 64 hiyo kuanzia X1Y1 kwenda nje, upande usio na plani. Hapo weka nukta. B haina kimo, kwa hiyo inakaa juu ya X1Y1 penyewe. Unga nukta mbili. Pima mstari huo: milimita 125. Zidisha kwa 5, unapata 625. Kwa hesabu kali ni 624.8, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa alama ya chaki.

Mtaniuliza kwa nini kimo kinatolewa kwenye mwonekano wa mbele wakati mwonekano mpya umetoka kwenye plani. Ni kwa sababu tulipozunguka plani, tulibaki tumesimama kwenye usawa uleule wa ardhi. Ukimzunguka mtu aliyesimama, urefu wake haubadiliki. Upana unaouona ndio unaobadilika. Kwa hiyo vimo vinabaki vilevile, na plani haina vimo. Unaruka mwonekano mmoja nyuma kwenda kuvifuata. Huyu aliyeyapanga mambo haya kuwa somo, Mfaransa Gaspard Monge wa karne ya 18, aliyatumia kwa michoro ya ngome za kijeshi, na kwa miaka kadhaa wakubwa wake waliyafanya siri. Leo tunakatia bati la mahindi.

Wasiopenda kuchora wanaweza kuona kwamba tulichounda ni pembetatu mraba: chini ni urefu wa plani, wima ni kimo, na mshazari ni urefu halisi. Kwa kikokotoo cha simu:

L² = 240² + 480² + 320² = 390400, kwa hiyo L = 624.8

Sioni ubaya wa kupiga hesabu. Lakini mchoro unakupa kitu kingine ambacho hesabu hiyo haikupi, nacho ni mlalo. Kwa sababu tumetoka kwenye plani, pembe kati ya mshono na X1Y1 ni pembe halisi ya mshono na ardhi. Weka protrakta: karibu nyuzi 31. Nataka tukae hapa kidogo.

Ukiangalia mwonekano wa mbele peke yake, mteremko unaouona ni wa nyuzi 53. Mtu anaona nyuzi 53 anasema mahindi yatakimbia kama maji. Lakini mahindi ya kona ya mbele hayateremki kwenye nyuzi 53, yanateremka kwenye 31. Punje kavu za mahindi zikimwagwa chini zinajirundika kwa mteremko wa kati ya nyuzi 20 na 30 hivi, na zenye unyevu hujirundika kwa mteremko mkali zaidi. Kona ya nyuzi 31, yenye kuta mbili zinazobana, iko mpakani. Mahindi ya mwisho yatabaki mle, na mwenye mashine atakuwa anagonga bati kwa nyundo kila gunia. Hilo tumeliona kwenye karatasi kabla ya kugusa mkasi. Tukitaka kona ifike nyuzi 40, mwonekano huohuo wa ziada unajibu: kutoka B inua mstari wa nyuzi 40 hadi ukutane na mstari wa A, kisha soma kimo. Kinatoka 450 badala ya 320. Mshono wa mbele unakuwa 700, na wa nyuma 510. Kama juu ya mashine pana nafasi hiyo, mimi ningeinua.

Hapa kuna mtego wanaonasa wanafunzi wazuri hasa. Mwonekano wa ziada unaweza pia kuutoa kwenye mwonekano wa mbele. Unachora X1Y1 sambamba na ule mteremko wa 400, na safari hii unahamisha kina kutoka kwenye plani, ile 480. Ukiunga unapata 624.8 ileile. Urefu ni halali. Lakini pembe inayoonekana hapo ni nyuzi 50, nayo ni pembe kati ya mshono na karatasi iliyosimama wima mbele yako, haihusiani na ardhi. Ukiipeleka kwa mwenye mashine ukamwambia kona yake ina mlalo wa nyuzi 50, umemdanganya kwa mchoro usio na kosa. Ukitaka urefu tu, toka popote. Ukitaka mlalo wa kumiminika, toka kwenye plani.

Tuseme sasa kosa lipi linagharimu kiasi gani, maana si makosa yote yanastahili hofu sawa. X1Y1 ikipinda kwa nyuzi 5 kutoka kwenye usambamba, unapoteza karibu milimita 2 tu. Ikipinda kwa nyuzi 10, zinapotea 7. Kosa hilo daima linapunguza, haliongezi, kwa hiyo ukichora mara mbili ukapata majibu mawili kutokana na usambamba mbovu, lile refu ndilo lililo karibu na ukweli. Kimo kikikosewa kwa milimita 10, urefu unakosewa kwa 5 hivi, kwenda juu au chini. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuhamisha 400 ya mteremko mahali pa 320 ya kimo. Bikari inafuata mstari ulio mnene zaidi kwenye mchoro, na mteremko ndio mnene. Hapo unapata 669, milimita 44 zaidi. Ndiyo maana nimesema wima, siyo kwa kufuata mteremko.

Kuchora kwa kipimo kidogo nako kuna bei yake. Kwa 1:5, nusu milimita ya penseli ni milimita mbili na nusu za bati. Kwa karakana nashauri kuchora kwa ukubwa halisi, sakafuni, kwa kamba ya chaki. Huhitaji hopa nzima. Piga pembe mraba moja, upande mmoja weka urefu wa plani, upande mwingine kimo, unga. Huo ndio mwonekano wa ziada uliovuliwa kila kitu isipokuwa mshono. Vipimo vyote chukua vya ndani ya hopa au vyote vya nje, usichanganye. Kwa bati la milimita 1.5 kuchanganya kunakula milimita 3 kwenye upana wa kila uwazi. Midomo ya kukunjia mshono inaongezwa nje ya mstari wa urefu halisi, baada ya umbo kukamilika.

Kabla hujakata, jibu lako lina njia mbili za kulihakiki. Ya kwanza ni ya karatasi, na inatumia zile namba tatu pungufu tulizozikataa. Zipige kila moja mara yenyewe, jumlisha, gawa kwa mbili: 400 inatoa 160000, 577 ya pembeni inatoa 332800 ukiitumia bila kuikadiria, 537 ya plani inatoa 288000. Jumla 780800, nusu yake 390400. Hiyo ndiyo 624.8 mara yenyewe. Inakuja hivyo kwa sababu upana, kina na kimo kila kimoja kimeonekana kwenye mionekano miwili kati ya mitatu, kwa hiyo jumla imehesabu kila kitu mara mbili. Kama nusu ya jumla hailingani na jibu la mchoro, kuna mwonekano mmoja uliosomwa vibaya.

Ya pili ni ya bati lenyewe, nami ndiyo ninayoipenda. Chora bati la pembeni: juu 600, chini 120, nyuma mshono wa 400, mbele mshono wa 625. Kwa hopa hii, yenye mgongo wima, mshono wa nyuma na ukingo wa juu wa bati la pembeni lazima vikutane kwa pembe mraba. Weka skwea kwenye kona hiyo. Piga 400 kushuka, kisha 120 kwenda mbele, halafu pima kutoka hapo hadi mwisho wa ile 600. Tepu itasoma 625, nawe linganisha na jibu la mchoro wako. Mchoro ukiwa umekupa 669, ulihamisha mteremko. Ukiwa umekupa 620, X1Y1 yako haikuwa sambamba, au kimo kilipungua kwa 10.

Bati la mbele lina 600 juu, 120 chini, na 625 kila upande. Kimo chake katikati ni 577, ile namba ya mwonekano wa pembeni. Bati la nyuma ni 600, 120, na 400 kila upande, kimo 320. Yashike mabati manne kwa vidoa vichache vya kuchomelea kwenye kona, usimalize mshono, kisha simamisha hopa juu ya meza iliyo sawa ikiwa imepinduliwa, uwazi wa juu ukilala mezani. Weka skwea kwenye bati la nyuma. Likisimama wima, na tepu ikisoma 320 kutoka mezani hadi mdomoni, chomelea.